Bandu bandu huisha gogo: kufuta rekodi milioni 30 bila kusimamisha kazi

Amri yenyewe ni mistari miwili, na mtu aliyejifunza SQL kwa wiki moja anaweza kuiandika:

```sql
DELETE FROM Maombi
WHERE Tarehe < '20230101';
```

Inasema: futa kwenye jedwali la Maombi kila rekodi iliyoandikwa kabla ya Januari 1, 2023. Haina kosa la lugha wala la mantiki. Jedwali likiwa na rekodi elfu kumi, kazi imekwisha kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Jedwali likiwa na rekodi milioni 80, amri hiyohiyo inaweza kuziba shughuli za kampuni nzima kutwa, na mwisho wa yote isifute hata rekodi moja.

Tuchukue mfano wa kampuni inayouza tiketi za mabasi kwa njia ya simu, inayotunza kumbukumbu zake kwenye kanzidata ya SQL Server. Kila abiria anapotafuta basi, anapochagua kiti na anapolipa, mfumo unaandika rekodi kwenye jedwali la Maombi. Tuseme kampuni ilianza mwaka 2020 na haijawahi kufuta kitu. Sasa jedwali lina rekodi milioni 80, na milioni 30 kati ya hizo ni za mwaka 2020 hadi 2022. Hakuna anayezisoma, lakini kila usiku zinaingia kwenye bekapu na kula nafasi ya diski. Tena zina namba za simu za watu. Sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, hazimruhusu mtu kukaa na taarifa za wenzake kupita muda unaohitajika. Kwa hiyo kufuta ni lazima. Swali ni kufuta vipi huku mabasi yakiendelea kuuziwa tiketi.

Kufuli moja linaposhika jedwali zima

Kanzidata ya aina hii inaahidi jambo moja kubwa: amri itatimia yote au haitatimia kabisa. Ukiamuru rekodi milioni 30 zifutwe, haiwezekani umeme ukatike katikati ukakuta zimefutwa milioni 12 na nyingine zimebaki. Ama zimeondoka zote, ama ziko zote kama zilivyokuwa. Ahadi hiyo ina gharama, na gharama inakua kadiri amri moja inavyogusa rekodi nyingi.

Gharama ya kwanza ni kufuli. Kila rekodi inayofutwa inafungwa, ili mtu mwingine asiibadilishe wakati hatima yake bado haijajulikana. Kufuli hizo hazifunguliwi moja moja kadiri kazi inavyosonga. Zinashikiliwa mpaka muamala mzima umalizike. Na kila kufuli linatumia kiasi kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta. Kufuli milioni 30 ni mzigo usiobebeka, kwa hiyo SQL Server ina utaratibu wake: amri moja ikifikisha kufuli 5,000 hivi kwenye jedwali moja, mtambo unajaribu kuziachia zote na kuweka badala yake kufuli moja la jedwali zima. Ikiwa wakati huo kuna mtu mwingine ameshika sehemu ya jedwali, jaribio linashindikana, na mtambo unajaribu tena kila zinapoongezeka kufuli 1,250. Kwenye kazi ya rekodi milioni 30, nafasi ya kufanikiwa haitakosekana.

Ikishafanikiwa, matokeo yanaonekana mbali sana na chumba cha seva. Wakala aliyeko Stendi ya Magufuli, Mbezi, anaingiza jina la abiria wa Mwanza na kubonyeza kitufe. Skrini inazunguka. Mfumo unataka kuandika rekodi moja mpya kwenye Maombi, rekodi ya leo isiyohusiana kabisa na zile za 2021, lakini jedwali zima limefungwa na lazima usubiri. Baada ya nusu dakika programu inakata tamaa na kuonyesha ujumbe wa hitilafu. Wakala anabonyeza tena, na sasa foleni ina maombi mawili. Zipo kanzidata zilizowekewa mpangilio uitwao READ_COMMITTED_SNAPSHOT, ambao humruhusu msomaji kusoma nakala ya rekodi kama ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Huo unawasaidia wanaosoma. Anayetaka kuandika, kama wakala wetu, bado atasubiri.

Logi isiyoweza kupunguzwa

Gharama ya pili haionekani mapema, na mara nyingi ndiyo inayoua kazi. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili la logi kabla ya kuingia kwenye faili la data. Logi ndiyo inayoiwezesha kanzidata kuamka salama baada ya umeme kukatika: inasomwa upya, yaliyothibitishwa yanakamilishwa na yaliyoachwa katikati yanafutwa. Ili rekodi iliyofutwa iweze kurudishwa, yaliyomo ndani yake nayo yanaandikwa kwenye logi. Rekodi ikiwa imeorodheshwa kwenye faharasa tatu, kufutwa kwake kwenye kila faharasa kunaandikwa pia.

Tukadirie kilobaiti moja ya logi kwa kila rekodi inayofutwa, pamoja na faharasa zake. Milioni 30 zinatoa takriban gigabaiti 30. Juu ya hapo mtambo unatenga nafasi ya ziada ndani ya logi, akiba ya kazi ya kurudisha kila kitu ikibidi. Na nafasi yote hiyo haiwezi kuachiliwa kazi ikiwa inaendelea. Kuanzia pale muamala mkongwe ulio wazi ulipoanza, kila kilichoandikwa lazima kibaki, hata cha wakala aliyeuza tiketi na kumaliza zamani. Kuchukua bekapu ya logi kila robo saa hakusaidii wakati huo: bekapu inafanyika, lakini nafasi haipatikani.

Diski ya logi ikiwa na gigabaiti 20 tu zilizobaki, hesabu haijibu. Linakuja kosa namba 9002: logi imejaa. Hapo si kazi ya kufuta pekee inayosimama. Hakuna muamala wowote unaoweza kuandika kwenye kanzidata hiyo mpaka nafasi ipatikane. Amri yetu inashindwa, na kwa sababu ya ile ahadi ya yote au hakuna, mtambo unaanza kurudisha rekodi zote zilizokwisha kufutwa, moja baada ya nyingine.

Kurudisha huku ndiko kunakowatoa watu jasho. Kufuta kwa saa tatu kunaweza kufuatiwa na kurudisha kwa saa tatu au zaidi, na kufuli zinabaki palepale muda wote huo. Msimamizi mwenye haraka anaizima seva na kuiwasha akidhani atapata ahueni. Hapati. Ikiwaka, kanzidata inasoma logi na kuendelea kurudisha kutoka pale ilipoishia. Toleo la SQL Server la mwaka 2019 lilileta njia ya kurudisha kwa haraka sana, lakini lazima iwe imewashwa kabla ya balaa.

Kukata mafungu

Sasa tujiulize: je, kampuni ya tiketi inahitaji kweli rekodi milioni 30 ziondoke kwa pamoja? Rekodi za mwaka 2020 zikitoweka saa nne usiku na za 2022 saa saba, kuna hesabu itakayoharibika? Hakuna. Rekodi hizi hazitegemeani. Ahadi ya yote au hakuna, ambayo ni ya lazima unapohamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, hapa haina faida yoyote. Tunailipia bure.

Basi tunaikata kazi iwe miamala midogo mingi, kila mmoja ukijitegemea:

```sql
DECLARE @n int = 1;
WHILE @n > 0
BEGIN
    DELETE TOP (4000) FROM Maombi
    WHERE Tarehe < '20230101';
    SET @n = @@ROWCOUNT;
    WAITFOR DELAY '00:00:01';
END;
```

Kila mzunguko unafuta rekodi zisizozidi 4,000, unathibitishwa hapohapo, unaandika ni ngapi zimefutwa, kisha unapumzika sekunde moja. Idadi ikifika sifuri, kazi imekwisha. Namba 4,000 imechaguliwa ili tubaki chini ya ule mpaka wa kufuli 5,000, kwa kuwa zaidi ya kufuli za rekodi kuna za kurasa zinazobeba rekodi hizo, nazo zinahesabiwa. Si namba takatifu. Kwenye jedwali lenye rekodi nene au faharasa nyingi, 1,000 inaweza kufaa zaidi. Kipimo cha kweli ni muda: mzunguko mmoja usizidi sekunde moja au mbili, maana huo ndio muda mrefu kuliko wote ambao wakala wa Mbezi anaweza kusubiri kwa ajili yako.

Hesabu inakwenda hivi. Rekodi milioni 30 kwa mafungu ya 4,000 ni mizunguko 7,500. Mzunguko ukichukua nusu sekunde pamoja na mapumziko ya sekunde moja, jumla ni kama saa tatu na dakika saba. Kila mzunguko unaandika takriban megabaiti 4 za logi. Bekapu ya logi ikichukuliwa kila dakika 15, katikati ya bekapu mbili kunapita mizunguko 600, yaani gigabaiti 2.4. Kila bekapu ikimalizika, nafasi hiyo inaachiliwa na kutumika tena, kwa kuwa hakuna muamala wa zamani unaoishikilia. Jumla ya kilichoandikwa ni zilezile gigabaiti 30, lakini diski haikulazimika kuzibeba kwa wakati mmoja.

Kuna faida nyingine wasiyoitaja wengi. Kazi hii inaweza kusimamishwa wakati wowote. Ukiona asubuhi imefika na mauzo yanapanda, unaikata. Kinachopotea ni mzunguko mmoja wa nusu sekunde. Rekodi zilizokwisha kufutwa zimefutwa, na usiku unaofuata unaendelea na zilizobaki kwa amri ileile, bila kubadilisha herufi.

Mapumziko ya sekunde moja wengine huyaondoa ili kazi iishe mapema. Yana kazi yake: yanawapa wengine waliokuwa wakisubiri nafasi ya kupita, na yanaipa bekapu ya logi na seva pacha, kama ipo, muda wa kufikia. Seva pacha inapokea kila badiliko lililoandikwa kwenye logi. Ukifuta kasi kuliko inavyoweza kupokea, logi itaanza kukua tena kwa sababu mpya: inamsubiri pacha.

Mafungu yasiposaidia

Wapo waliokata mafungu na bado wakakwama. Kosa jepesi ni kuufunga mzunguko mzima ndani ya muamala mmoja, kwa kuweka BEGIN TRANSACTION juu na COMMIT chini. Hapo mafungu yapo kwa sura tu. Kufuli zinajilimbikiza na logi haiachiliwi, sawasawa na ile amri ya mistari miwili. Baadhi ya programu na vifaa vya kuendeshea amri hufanya hivyo vyenyewe bila kukuambia, kwa hiyo hakikisha kwanza.

Kosa lingine ni dogo hata kwa macho. Mtu anataka kuona maendeleo, anaingiza PRINT kati ya DELETE na ule mstari wa @@ROWCOUNT. PRINT inairudisha @@ROWCOUNT kwenye sifuri. Mzunguko unafuta rekodi 4,000 za kwanza, unasoma sifuri, unaamini kazi imekwisha na kusimama. Msimamizi anakwenda kulala akiwa ameridhika.

Tatizo kubwa zaidi ni faharasa. Kama safu ya Tarehe haina faharasa, kila mzunguko unalazimika kupekua jedwali kutafuta rekodi za zamani. Mwanzoni huenda usione kitu, kwa sababu rekodi za zamani ziko mbele na zinapatikana upesi. Lakini mzunguko wa mwisho, ule unaotakiwa kugundua kwamba hazipo tena, lazima upite kwenye rekodi zote milioni 50 zilizobaki ndipo uweze kusema sifuri. Dalili yake ni mizunguko inayorefuka: nusu sekunde, kisha sekunde tatu, kisha dakika. Ikiwa namba ya rekodi inapanda pamoja na muda, kama ilivyo kwenye majedwali mengi, dawa ni kutembea kwa namba badala ya kutafuta kwa tarehe:

```sql
DELETE FROM Maombi
WHERE Id >= @kuanzia AND Id < @kuanzia + 4000
  AND Tarehe < '20230101';
```

Baada ya kila mzunguko unaongeza 4,000 kwenye @kuanzia, mpaka uifikie namba ya mwisho ya mwaka 2022 uliyoitafuta mapema. Hapa mzunguko unaofuta sifuri si ishara ya kusimama, maana huenda ni pengo tu kwenye namba. Kinachosimamisha ni kufika mwisho wa safari.

Zaidi ya hapo kuna jedwali la mtoto. Tuseme kuna jedwali la Malipo ambalo kila rekodi yake inaelekeza kwenye rekodi ya Maombi, na kanzidata imeagizwa kulinda uhusiano huo. Kabla ya kufuta ombi lolote, mtambo lazima uhakikishe hakuna malipo yanayoliegemea. Ile safu ya Malipo yenye namba ya ombi ikikosa faharasa, ukaguzi huo unapekua Malipo yote, na fungu la rekodi 4,000 linaweza kuchukua dakika nyingi. Weka faharasa hiyo kwanza, na ufute malipo ya zamani kabla ya maombi yake.

Kazi ikiwa inaendelea, swali moja linatosha kukuonyesha logi inasubiri nini:

```sql
SELECT name, log_reuse_wait_desc
FROM sys.databases;
```

Jibu likiwa LOG_BACKUP, nafasi itapatikana bekapu ya logi ikichukuliwa. Kama haichukuliwi, mtafute anayehusika. Likiwa ACTIVE_TRANSACTION kila unapouliza, kuna muamala ulioachwa wazi mahali fulani. Huenda si wako. Dirisha la mfanyakazi mwenzako aliyeanza muamala asubuhi, akaenda kula, linatosha kuizuia logi ya kampuni nzima.

Mitambo mingine, njia nyingine

Haya ya kufuli 5,000 ni ya SQL Server. MySQL kwa injini yake ya InnoDB haibadilishi kufuli za rekodi kuwa la jedwali, lakini inatunza matoleo ya zamani ya kila rekodi mpaka muamala uishe, na muamala mkubwa huichelewesha seva pacha. Huko unaandika DELETE yenye LIMIT 4000 mwishoni. PostgreSQL haina LIMIT kwenye DELETE. Unachagua kwanza namba za rekodi kwa ulizo la ndani, kisha unazifuta. Na huko rekodi iliyofutwa inabaki kwenye faili mpaka kazi ya VACUUM ipite kuisafisha. Sababu zinatofautiana, ila jibu linabaki fungu dogo.

Mafungu nayo yana mpaka wake. Ungetakiwa kufuta milioni 75 kati ya 80, ingekuwa nafuu kunakili milioni 5 unazozitaka kwenye jedwali jipya na kuliacha la zamani. Na jedwali lililogawanywa kwa miezi au miaka tangu mwanzo halihitaji kufutwa rekodi kwa rekodi. Tangu toleo la mwaka 2016, SQL Server inaweza kumwaga vigawe vizima kwa TRUNCATE TABLE, kazi ya muda mfupi mno na logi ndogo. Sharti ni kwamba mtu alifikiri hivyo jedwali lilipokuwa likijengwa, na kwamba hakuna jedwali la mtoto linaloliegemea.

Baada ya yote, usishangae faili la data likibaki na ukubwa uleule. Nafasi imeachwa ndani yake na itajazwa na rekodi mpya. Kulibana faili kwa nguvu kunavuruga mpangilio wa kurasa na kuzorotesha usomaji, halafu litakua tena ndani ya miezi michache.

Na usingoje zifike milioni 30 nyingine. Kabla ya kuanza, chukua bekapu na ujaribu kuirudisha kwenye seva nyingine, uone kweli inarudi. Ukishamaliza, ipange amri ileile ijiendeshe kila usiku, na tarehe ihesabiwe kutoka siku ya leo badala ya kuandikwa kwa mkono. Kampuni inayoingiza rekodi 50,000 kwa siku itahitaji kufuta kiasi hichohicho kila usiku: mizunguko 13 ya rekodi 4,000, kazi ya sekunde 20.